Magunia manane ya mbegu na neno "tutaliangalia"

Pikapu iliposimama mbele ya nyumba ya yule mzee kule Isongole, ilikuwa imebeba magunia manane ya mbegu ya viazi mviringo, kila gunia kilo 50. Mbegu zilikuwa zimeshachipua, machipukizi mafupi manene ya kama sentimita moja, yaani tayari kabisa kuingia ardhini. Mvua za Novemba zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Mzee akatoka, akatukaribisha, akamtuma mjukuu alete viti. Kisha akayatazama yale magunia, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Mimi ni mtoto wa huku huku Rungwe, na macho yale nayajua. Alikuwa ananiuliza: binti, hukunisikia?

Nilimsikia, tena vizuri sana, na kila neno lake nilikuwa nimelipeleka kwenye Kiingereza bila kudondosha hata moja.

Wiki tatu kabla ya siku ile nilikuwa nimekaa pale pale barazani nikiwa mkalimani wa mtaalamu wa kilimo aliyetoka nje. Alikuwa anatafuta nusu ekari ya kufanyia shamba darasa, apande aina mbili za viazi, wakulima waje walinganishe. Ekari moja ya viazi hula mbegu kiasi cha kilo 800, ndiyo maana baadaye tukaja na kilo 400. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akajibu hivi: "Wazo ni zuri sana, na tunashukuru kwa kutukumbuka. Tutaliangalia. Unajua shamba lenyewe ni la ukoo, siwezi kusema peke yangu, nitakaa na wenzangu. Tukijaliwa tutawasiliana. Ndaga fijo."

Mgeni akatabasamu, akaandika kwenye daftari jina la kijiji, na pembeni yake akaweka alama ya vema.

Siku ya magunia, tulipokuwa tunarudi barabara ya Uyole na mzigo wote mgongoni mwa gari, dereva ndiye aliyenifumbua macho. Siku ile ya mazungumzo yeye alikuwa amesimama tu karibu na boneti, hata kiti hakupewa. Akaniambia, "Dada, mbona yule mzee alishakataa siku ile ile?" Nikamuuliza alijuaje. Akashangaa swali. "Si alisema tutaliangalia?"

Usiku ule sikulala. Nilirudia maneno ya mzee moja moja, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nilitaka kuona maana ilipotelea wapi wakati maneno yote yalifika.

Kwanza ni hilo "tutaliangalia" lenyewe. Kile kiungo "-li-" katikati kinaweza kusimama badala ya wazo, na kinaweza kusimama badala ya shamba, kwa kuwa maneno yote mawili yako ngeli moja. Mzee alikuwa anazungumzia wazo. Kwenye Kiingereza nilitumia kile kiwakilishi chao kinachobeba kitu chochote, na mgeni, ambaye kichwa chake kilikuwa kimejaa shamba, akasikia kwamba wenyeji wataenda kulikagua shamba. Kwake hiyo ilikuwa hatua ya kazi. Mtu haendi kukagua shamba ambalo hana mpango wa kulitoa.

Halafu kuna mwenye kutenda. Mzee alipokuwa anatusalimia na kutusimulia habari za watoto wake alikuwa anasema "mimi". Alipofika kwenye jibu lenyewe akawa "sisi"; "mimi" ilirudi kwenye udhuru tu. "Tutaliangalia" ni sisi gani? Pale barazani alikuwa peke yake na mjukuu. Na alipomaliza akasema "tutawasiliana", wala hakusema "nitawapigia". Ile "-ana" mwishoni inagawa kazi kwa wote wawili, na kazi iliyogawiwa namna hiyo hakuna anayedaiwa. Angesema "nitawapigia Jumapili jioni", deni lingekuwa lake. Kwa Kiingereza nilisema kwamba watakuwa wanawasiliana nasi, nikawatwika wao deni ambalo mzee alikuwa ameliepuka kwa uangalifu mkubwa.

Mwisho kabisa alitushukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, asante sana. Wakati huo tulikuwa hatujampa kitu, na alikuwa hajatupa kitu. Ilikuwa asante ya kufunga mazungumzo, kama mtu anavyokunja mkeka.

Baada ya hapo kikafuata kimya. Wiki mbili zikapita, mgeni akaniuliza kama kuna pingamizi lolote. Nikamjibu kwa ukweli kwamba hakuna aliyepiga. Kwake kutokuwepo kwa pingamizi kulitosha, kwa sababu mbegu zilikuwa zinachipua stoo na mbegu ya viazi haingoji mtu. Ukiichelewesha, machipukizi yanarefuka, yanakuwa membamba na kukatika wakati wa kupanda. Kwa mzee, kimya kile kilikuwa mwendelezo wa jibu lake. Alikuwa amemaliza kusema.

Kiini cha tatizo, kadiri ninavyoelewa sasa, kipo kwenye jambo ambalo sisi tunaliita udhuru. Huku kwetu udhuru ni kitu cha heshima. Mtu anayekupa udhuru amekufanyia hisani, amechukua hapana yake akaifunika nguo ili usiione uchi. Ndiyo maana hatuuchunguzi. Ukialikwa harusi ukasema una mgeni siku hiyo, hakuna anayekuuliza mgeni huyo anatoka wapi na atakaa siku ngapi. Tunapokea udhuru, tunasema "haya, hamna neno", na jambo limekwisha bila mtu kutamka hapana.

Mzungumzaji wa Kiingereza anausikia udhuru ule ule kama kikwazo. Umemwambia shamba ni la ukoo, naye kwa nia njema kabisa anaanza kufikiria namna ya kuongea na ukoo. Ukimwambia hakuna vibarua, anasema atalipa vibarua. Ukisema mvua imekuwa nyingi, anaulizia mfereji wa kutolea maji. Kila anapotatua, mzee wako analazimika kutafuta udhuru mwingine. Ukiona mwenyeji ametoa sababu ya pili na ya tatu, na hazihusiani, kwanza ukoo, kisha mvua, kisha mtoto anayesoma Mbeya, ujue hapana ilishatamkwa kwenye ile ya kwanza. Tangu hapo mwenyeji anakimbizwa.

Kosa langu la pili nililifanya kwa sababu ya la kwanza, na hili liliniuma zaidi.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa upande wa Umalila, kwa mama mmoja mwenye shamba zuri la mteremko lililopakana na pareto yake. Ombi lilikuwa lile lile, mgeni yule yule. Mama akasema, kwa sauti ya upole, huku anatumenyea viazi vya kuchemsha: "Mwanangu, mwaka huu nimebanwa kidogo na pareto. Labda mwakani, tukiwa wazima." Mimi nilikuwa nimeshaungua na moto wa Isongole, sikutaka tena alama ya vema kwenye daftari. Nikamgeukia mgeni nikamwambia kwa Kiingereza, wazi wazi, kwamba mama anakataa.

Niliona uso wake ukibadilika. Kitenzi kile cha Kiingereza nilichokichagua ni cha mtu anayesimama mlangoni amekunja mikono. Akaniuliza wamemkosea nini, na akaniomba nimuulize mama kwa nini anakataa. Nami, kwa kuwa kazi ya mkalimani ni kupeleka kinachosemwa, nikalipeleka swali. "Mama, anauliza kwa nini umekataa."

Mama akaacha kumenya. "Mimi? Nimekataa saa ngapi?"

Alikuwa na haki. Hakuna mahali alipotamka neno hilo. Alikuwa amejitahidi lisitamkwe, na mimi nikalichukua lisilotamkwa nikaliweka mezani mbele ya wageni, tena kwenye nyumba yake, akiwa anatupa chakula. Kwetu mtu anaweza kukunyima kitu na mkabaki mnasalimiana. Lakini kuitwa mnyimi mbele za watu ni habari nyingine. Akainuka, akajifunga kanga upya, akasema, "Kama ni shamba, chukueni basi."

Ukiyapeleka maneno hayo Kiingereza kama yalivyo, ni ruhusa kamili, hata mahakamani yangesimama. Mgeni aliona ameinuka, akasikia kitenzi cha kuchukua kwa sababu Kiswahili kidogo alikuwa anakielewa, akauliza kwa matumaini kama amekubali. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu Isongole. Nilisema kwa Kiingereza kwamba sasa anayeongea ni mkalimani mwenyewe, kwamba nimeitafsiri vibaya kauli ya mama, kwamba mama hakuwa mkali, na kwamba hilo alilosema sasa si ruhusa. Kisha nikamweleza mama kwa Kiswahili yale yote niliyomwambia mgeni. Tulimaliza viazi vyetu kimya, tukaaga.

Wapo wanaofundisha wakalimani vijana kwamba Kiingereza ni lugha ya moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa unatoka Kiswahili unyooshe tu, ukate mapambo. Sikubaliani nao. Kiingereza kina adabu yake ya kukataa, na ina umbo lake. Mwingereza mstaarabu anayekunyima kitu huanza na asante. Kisha hutumia neno lao ambalo kwa maana ya kamusi ni "naogopa", ingawa hakuna woga wowote ndani yake; kazi yake ni kukuandaa kwamba kinachokuja hutakipenda. Kisha husema hataweza. Mara nyingi huongeza "kwa sasa" ili mlango usigonge kwa kishindo. Sababu, kama ipo, huja nyuma na huwa fupi.

Ukilitazama umbo hilo utaona tofauti yetu na wao iko mahali pamoja tu. Sisi tunaweza kuweka mito yote kitandani bila mtu kulala juu yake, na kila mtu akaelewa nani alitakiwa kulala pale. Wao mito wanayo, tena mingi, lakini lazima katikati yake pawepo na lile "sitaweza". Likikosekana, mito inabaki mito na msikilizaji anaondoka na matumaini. Likiwepo peke yake bila mito, wanasikia ukali.

Kwa hiyo kauli ya yule mama, leo hii, ningeipeleka Kiingereza kwa mpangilio mwingine kabisa. Ningeanza na shukrani ya kufikiriwa, ambayo hakuitamka lakini viazi vyake vilikuwa vinaisema. Ningesema anaogopa, kwa ile maana yao, kwamba msimu huu hataweza. Ningeileta pareto baada ya hapo, kwa "kwa kuwa", nikiikwepa "tatizo ni". Neno tatizo ndilo linalomwamsha mgeni aanze kutoa suluhisho. Na nisingesema ninyi mnakataliwa au yeye anakataa. Kutoweza ni hali ya mtu, kukataa ni msimamo dhidi ya mwenzake.

Pale kwenye "labda mwakani" ningekuwa mwangalifu zaidi. Kwa Kiswahili cha mama yule, "mwakani" haikuwa tarehe, ilikuwa mto mwingine, na "tukiwa wazima" ndiyo iliyothibitisha. Nikiupeleka kama ulivyo, mgeni atafungua kalenda, ataandika Novemba ya mwaka unaofuata, na atakuja kweli. Ningeusema kama "huenda siku za mbele", bila mwaka. Kiingereza kina maneno ya namna hiyo, yaliyo laini na yasiyo na ahadi.

Hata hivyo kuna swali linalobaki, na mtu wa kazi hii akilikwepa hajatenda haki. Lile "hataweza" sikulisikia kinywani mwa mama. Nikiliweka, nimeongeza. Je, kama nimemsoma vibaya? Kama kweli alikuwa amebanwa na angeshukuru kupewa vibarua wawili? Mkalimani anaongea kwa nafsi ya kwanza, "mimi" yangu ni "mimi" ya yule ninayemsemea, na sina ruhusa ya kumwamulia mtu jibu kwa sababu tu nimekulia karibu na kwao.

Njia niliyoipata haikutoka darasani. Niliisikia sokoni Mwanjelwa, kwa mwanamke aliyekuwa anamfuatilia mwenye chumba cha biashara. Mwenye chumba anajibu "tutaona, tutaona", naye mwanamke hakumuuliza kama anampa au hampi. Alisema, "Kaka, niendelee kukungoja, au nitazame na kwingine ili nisikusumbue?" Mwenye chumba akajibu mara moja, tena kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo: "Tazama tu na kwingine, dada, usije ukachelewa." Yule mwanamke akashukuru, wakaagana vizuri. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya nikijua nimepata kitu.

Tazama swali hilo lilivyojengwa. Halimlazimishi mtu achague kati ya kukubali na kukataa. Linampa njia mbili, na zote mbili ni za heshima. Akitaka kunyima, hahitaji kusema neno lolote baya juu ya ombi lako. Anachofanya ni kukuruhusu uondoke, na kumruhusu mtu aondoke ni wema. Tena sababu imewekwa upande wa muulizaji, kuchelewa au kusumbua, kwa hiyo mjibuji hana haja ya kutafuta udhuru wa pili.

Msimu uliofuata nililitafutia swali hili nafasi yake. Kabla ya kwenda, nilikaa na mgeni nikamweleza kwamba huenda nikaomba kuuliza swali moja la ufafanuzi, na kwamba nitamwambia nikiwa nauliza. Tukafika kwa mzee mwingine, si mbali na kule kwa kwanza, ukungu wa asubuhi ukiwa bado haujainuka kwenye migomba. Baada ya salamu na chai, ombi likatolewa. Mzee akasema, "Ni jambo jema. Acha tulitafakari kwanza, si unajua mambo ya mashamba."

Nilipeleka maneno hayo kama yalivyo. Kisha nikasema kwa Kiingereza kwamba mkalimani anaomba kufafanua jambo moja, nikamgeukia mzee. "Baba, tuendelee kujipanga hapa kwako, au tutazame na kwingine, mvua isije ikatukuta hatujapata mahali?"

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Tazameni na kwingine, mwanangu. Msije mkachelewa kwa ajili yetu. Lakini siku ya kuja kuona hivyo viazi, sisi tutakuja."

Sentensi ile haikuhitaji nyongeza yoyote. Niliipeleka Kiingereza neno kwa neno: watazame na kwingine, wasicheleweshwe na wao, nao watakuja siku ya kuona viazi. Kwa Kiingereza inasikika kama hapana iliyo wazi, ya mtu mwema, na hata ile nusu ya pili, ambayo ni ahadi ya kweli, ilifika kama ahadi. Mgeni hakuuliza kwa nini. Alimshukuru mzee kwa mikono miwili, akafunga daftari bila kuweka alama yoyote.

Swali hilo linajipima lenyewe. Mtu anayetaka kukupa shamba, ukimwambia unatazama kwingine, hakuachi uende. Mzee mwingine, kule kule Rungwe, alinikatiza kabla sijamaliza: "Kwingine wapi tena? Njooni Jumatano, saa tatu, nitakuwa nimeongea na mdogo wangu." Ndani ya kauli moja kulikuwa na siku, saa, na mtu. Ndivyo ndiyo ya huku inavyokuja, inakuja na mpango. Na yule ambaye kweli hajaamua hukuomba muda wenye kikomo, "nipeni mpaka Jumapili". Hapo nampelekea mgeni ile Jumapili, nayo inakuwa na maana ile ile kwa lugha zote mbili.

Kuna mtego mmoja wa sarufi ambao nimeuona ukiharibu mambo hata baada ya kazi yote hiyo. Mgeni, akitaka uhakika, huuliza kwa ukanushi: kwa hiyo hamtaweza kutupa shamba? Mzee hujibu "Ndiyo". Kwa Kiswahili amekubali kwamba ulichosema ni kweli, hawataweza. Kiingereza hakifanyi hivyo. Neno lao la ndiyo, likijibu swali la ukanushi, hugeuza maana na kusema kwamba wataweza, au humwacha msikilizaji hajui kipi ni kipi. Hapo "ndiyo" ya mzee lazima itoke mdomoni mwangu kama hapana ya Kiingereza. Ni pahali pekee ninapogeuza neno kichwa chini miguu juu bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu kuliacha lilivyo ndiko kungekuwa uongo. Na nikiweza, naliandaa swali upya kabla halijafika kwa mzee, nauliza kwa njia isiyo na ukanushi.

Naomba pia mtu asichukue maneno haya akatengeneza orodha ya misemo ya kukataa. "Mungu akipenda" haimaanishi hapana. Baba yangu huisema kila akipanga safari ya Kyela, na hajawahi kukosa basi. "Bado" haimaanishi hapana wala ndiyo. Hata "tutaliangalia" yenyewe nimewahi kuisikia kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima akiwa amemaanisha kuangalia kweli, na alipomaliza kuisema alichukua simu akawapigia wajumbe tukiwa bado tumekaa. Jibu hulijui kwa msemo peke yake. Unalitafuta kwenye siku, saa, mtu na kazi, na kama havipo, unauliza lile swali.

Kwenye maandishi ni vigumu zaidi, kwa sababu mfasiri hana mtu wa kumgeukia. Huletwa barua ya kikundi iliyojaa furaha ya kupokea barua yenu na nia ya kuendelea kuwasiliana, na hakuna mstari hata mmoja unaosema jambo lililoombwa litafanyika. Ikiwezekana, nampigia mwandishi na kumuuliza kama waombaji waendelee kungoja. Isipowezekana, natafsiri maneno kama yalivyo, kisha chini naweka mstari mmoja wa mfasiri, uliotenganishwa na barua, kwamba kwa desturi ya hapa jibu la namna hii halichukuliwi kuwa kukubali, na ni vyema kuuliza tena kabla ya kuagiza kitu chochote. Mstari mmoja unatosha. Zaidi ya hapo nitakuwa nimeanza kuwaandikia watu barua yao.

Mbegu za yale magunia manane tulizipanda baadaye kwenye shamba la mkulima mwingine, siku sita zikiwa zimepita, na machipukizi mengi yalikuwa yameshakatika njiani. Kwa yule mzee wa kwanza nilirudi kuomba radhi wiki ile ile. Kwa mama wa Umalila nilichelewa, nilikuwa naona aibu. Nilipokwenda, nilikwenda peke yangu, bila gari la wageni, nikapiga goti nikamwambia, "Shikamoo mama. Siku ile nilikusemea neno ambalo hukulisema. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Hamna neno, mwanangu. Yamepita."

Kwa jinsi kazi yangu ilivyo, hamna neno ni kauli ninayoiogopa. Nilikaa nikiwa sijui kama nimesamehewa au nimeagwa. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na debe dogo la viazi akaliweka miguuni pangu. Kisha akauliza, "Jumamosi una kazi? Njoo asubuhi, saa moja, tukachume pareto."

Nikamwambia nitakuja, saa moja.